Ndoo Wazi: Neno Moja Lililowaponza Wengi

Ndoo ya maji ikitoboka, mwenye nyumba hahitaji kuambiwa: sakafu imelowa na maji yamepungua. Ndoo ninayotaka kuieleza hapa inaweza kuchotwa na wageni usiku kucha, na asubuhi mwenyewe akaikuta imejaa vilevile, kwa sababu kinachochukuliwa ni nakala. Ndiyo maana sipendi sana kusikia kwamba data "imevuja". Kuvuja kunataka tundu, na hapa hakuna kilichotoboka. Kuna mtu aliyeruhusu, na mara nyingi hakujua ameruhusu nini.

Tuanze na jina lenyewe. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi mafaili kupitia huduma iitwayo S3. Mteja huunda chombo, hukipa jina, kisha hutia mafaili yake humo. Kwenye skrini chombo hicho huandikwa `bucket`. Kwa Kiswahili mtu angeweza kukiita ghala, lakini neno hilo linahitajika kwa hazina kubwa za data zilizopangwa kwa ajili ya uchambuzi. Kapu nalo limeshachukuliwa na maduka ya mtandaoni. Inabaki ndoo, nayo inafaa kwa sababu moja nzuri: ndoo haina vyumba. Kinachoonekana kama folda ndani ya S3 ni sehemu tu ya jina refu la faili.

Hata hivyo, ndoo tunayoijua ina mfuniko, na hapo mfano unaanza kupotosha. Ndoo ya S3 haifunikwi. Mlangoni pake kuna bawabu, na kila ombi linalofika humfanya aulize mambo mawili: nani anaomba, na anaomba kufanya nini. Kuomba orodha ya mafaili ni jambo moja. Kuomba kusoma faili fulani ni jambo jingine, na ruhusa zake ni tofauti. Jina la ndoo halirudiwi kwa wateja wengine, na anwani yake hutokana na jina hilo. Kwa hiyo yeyote anayelibahatisha jina hufika mlangoni. Hakuna uficho, kuna maagizo aliyopewa bawabu tu.

Maagizo hayo huandikwa mahali pawili. Pa kwanza ni sera ya ndoo, ambamo alama ya nyota mahali pa jina la mwombaji ina maana ya watu wote. Pa pili, ambapo ni pa zamani zaidi, ni orodha ya ruhusa. Humo kuna makundi mawili yaliyosababisha hasara kubwa: `AllUsers` na `AuthenticatedUsers`. La kwanza halimdanganyi mtu: ni kila mtu mwenye intaneti. La pili ndilo lenye mtego. Ukilifasiri neno kwa neno unapata "watumiaji waliothibitishwa", na msimamizi yeyote mwenye haraka ataelewa wafanyakazi wenzake waliothibitishwa na kampuni yake. Sivyo. Kundi hilo ni kila mwenye akaunti ya huduma za Amazon, popote duniani, na kufungua akaunti hiyo ni bure.

Mwaka 2017 kampuni ya Dow Jones, wachapishaji wa gazeti la Wall Street Journal, iliangukia hapo hapo. Mwezi Mei mtafiti Chris Vickery wa kampuni ya UpGuard alikuta ndoo yao ikiwa na ruhusa kwa kundi la "waliothibitishwa". Ndani yake mlikuwa na majina, anwani na baruapepe za wateja, na kwa baadhi yao tarakimu nne za mwisho za kadi ya benki. Habari zilipotangazwa mwezi Julai, Dow Jones wenyewe walikiri wateja milioni 2.2; UpGuard walikadiria kwamba huenda walifika milioni 4. Hakuna aliyevunja nenosiri. Bawabu alifanya kazi yake barabara, kwa kufuata maagizo aliyopewa.

Kisa hiki kinafundisha pia jinsi ya kupima. Wengi huandika anwani ya ndoo yao kwenye kivinjari, wakaona `AccessDenied`, wakalala usingizi. Ombi la kivinjari halina utambulisho wowote, kwa hiyo linapima kilichofunguliwa kwa watu wote peke yake, si kwa kundi la `AuthenticatedUsers`. Ndoo yenye kosa kama la Dow Jones ingeupita mtihani huo huku ikiwa wazi kwa mamilioni. Unahitaji kupima mara mbili: kwanza bila utambulisho, kisha kwa akaunti nyingine kabisa isiyohusiana na ofisi yako.

```
aws s3 ls s3://jina-la-ndoo --no-sign-request
aws s3 ls s3://jina-la-ndoo --profile akaunti-ya-nje
```

Amri yoyote kati ya hizi ikileta majina ya mafaili, orodha iko wazi. Zote mbili zikikataliwa, bado usishangilie, kwa kuwa umepima kuorodhesha na si kusoma. Chukua anwani kamili ya faili moja unalolijua ujaribu kulifungua kwa njia hizo hizo mbili. Pima ndoo zako tu au ulizoruhusiwa kwa maandishi, maana kugonga milango ya wengine kunaweza kukufikisha mahakamani: Tanzania ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina yake ya mwaka 2018.

Baada ya kupima kwa nje, soma maagizo yenyewe kwa ndani:

```
aws s3api get-bucket-acl --bucket jina-la-ndoo
aws s3api get-bucket-policy-status --bucket jina-la-ndoo
aws s3api get-public-access-block --bucket jina-la-ndoo
```

Katika jibu la amri ya kwanza tafuta anwani inayoishia na `AllUsers` au `AuthenticatedUsers`. Ya pili, ndoo ikiwa na sera, itasema `IsPublic` ni kweli au si kweli, ila inaangalia sera peke yake. Anayeitegemea hiyo tu ataikosa orodha ya ruhusa. Ya tatu huonyesha, kama kimewekwa, kizuizi cha jumla ambacho Amazon ilikileta Novemba 2018. Kina swichi nne, na zote zikiwashwa bawabu hupuuza agizo lolote la kuwafungulia watu wote. Tangu Aprili 2023 ndoo mpya huzaliwa zikiwa na kizuizi hicho, na orodha ya ruhusa ikiwa imezimwa. Ndoo zilizoundwa kabla ya hapo hazikuguswa, kwa hiyo anza ukaguzi na zile kuukuu, hasa za miradi ambayo waliozifungua wameshahama kazi.

Linabaki swali ambalo mkurugenzi atauliza kwanza: nani ameshachota? Jibu liko kwenye kumbukumbu za maombi, ambamo ombi lisilo na utambulisho huandikiwa kistari mahali pa jina la mwombaji. Lakini kumbukumbu hizo haziwashwi zenyewe. Kama hazikuwashwa kabla ya kosa, hakuna namna ya kuzirudisha, na ndoo kujaa vilevile si ushahidi wa chochote.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. `bucket` tuiite ndoo, na iliyoruhusu wageni tuiite ndoo wazi, si ndoo inayovuja. Ama `AuthenticatedUsers`, tusiifasiri neno kwa neno kamwe. Kwenye miongozo na mafunzo yetu tuandike "kila mwenye akaunti ya Amazon duniani". Ni jina refu, lakini hakuna msimamizi atakayelisoma kisha akadhani linawahusu wafanyakazi wenzake tu.