Choo cheusi kama lami: dalili ya damu inayovuja bila maumivu

Damu inayovuja ndani ya tumbo ina njia mbili tu za kutokea nje: kinywani kwa matapishi au kwenye haja kubwa. Aghalabu hupitia njia ya pili, na hapo ndipo hatari inapojificha. Watu wengi hawana mazoea ya kutazama choo chao, na vyoo vingi vya shimo vina giza hata adhuhuri. Mgonjwa aweza kupoteza damu siku mbili au tatu asijue lolote, hadi siku anapoinuka kitandani akaanguka.

Kinachowapotosha wengi ni rangi. Mtu hutarajia damu iwe nyekundu, ilhali damu inayotoka juu, yaani kwenye umio, kwenye mfuko wa tumbo au mwanzoni mwa utumbo mwembamba, hufika chini ikiwa nyeusi. Humo njiani hukutana na asidi ya tumbo, vimeng'enya vinavyosaga chakula na bakteria wa utumbo. Madini ya chuma yaliyomo katika damu hubadilika, na wekundu ukatoweka. Safari hiyo huchukua saa kadhaa, na damu ya kiasi cha chini ya nusu kikombe cha chai yatosha kukigeuza choo kuwa cheusi.

Choo cha namna hiyo kina alama tatu. Ni cheusi tititi na hung'aa kama lami mbichi. Hunata, hata maji yakimwagwa kikashikilia. Na kina harufu nzito ya kuvunda isiyo ya kawaida. Alama hizi ndizo zinazokitofautisha na choo kilichotiwa rangi na dawa. Mathalani, mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma alivyopewa kliniki huweza kupata choo cheusi au cha kijani kibichi kilichoiva, lakini hakinati wala hakina uvundo huo. Mwenye shaka asijihukumu mwenyewe; apimwe.

Chukua mfano wa mzee wa miaka 64 anayeumwa na magoti. Amenunua diklofenaki katika duka la dawa na kuimeza mara mbili kwa siku kwa wiki tatu. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Kwa bahati mbaya, kemikali hiyo hiyo ndiyo inayouwezesha mfuko wa tumbo kutengeneza utando wa kuukinga dhidi ya asidi yake wenyewe. Utando ukipungua, asidi huchimba kidonda, na kidonda kikifikia mshipa, damu huanza kumwagika.

Jumatatu mzee anaona choo cheusi. Kwa kuwa tumbo halimwumi, anadhani ni mboga alizokula. Kumbe vidonda vinavyosababishwa na dawa hizi mara nyingi haviumi kabisa hadi vitoe damu. Jumanne jioni anahisi kizunguzungu kila anaposimama, jasho baridi linamtoka na moyo unamwenda mbio. Hospitalini mapigo ya moyo yanahesabiwa 112 kwa dakika, na kipimo cha juu cha shinikizo la damu kimeshuka hadi 95.

Hapa kuna mtego. Kipimo cha wingi wa damu kinaonyesha gramu 11 kwa desilita, kiasi ambacho si kibaya sana. Laiti mzee angerudishwa nyumbani kwa kipimo hicho, huenda angefia njiani. Mtu anapovuja damu hupoteza chembe nyekundu pamoja na maji yake kwa uwiano ule ule, hivyo damu iliyobaki haionekani kuwa nyepesi. Ni baada ya saa nyingi, maji ya mwili yanapoingia mishipani kuziba pengo, ndipo upungufu unapojitokeza. Kesho yake asubuhi kipimo kimeshuka hadi gramu 6.8. Ndiyo maana daktari hutazama kwanza mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Mzee anawekewa mirija miwili ya maji mishipani, damu yake inalinganishwa na ya kuongezewa, naye anadungwa dawa ya kupunguza asidi. Hali ikitulia, na ikiwezekana kabla ya saa 24 kupita, daktari hupitisha kinywani mpira mwembamba wenye kamera hadi tumboni. Mshipa unaovuja ukionekana, hubanwa kwa kibanio kidogo au huchomwa kwa joto ukazibika. Mgonjwa hupimwa pia bakteria aitwaye Helikobakta pailori, msababishaji mkuu mwingine wa vidonda hivyo. Akipatikana naye, hutibiwa kwa viuavijasumu na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14. Diklofenaki inakomeshwa.

Si kila damu ya juu hutoka kwenye kidonda. Kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria na wakulima wa mpunga wa Mwea, kichocho cha tumbo ni chanzo cha kuzingatiwa. Mayai ya minyoo hao hukwama kwenye ini na kuacha makovu kwa miaka mingi. Damu inayoelekea kwenye ini huzuiwa, ikatafuta njia ya pembeni kupitia mishipa ya umio, nayo huvimba na kuwa dhaifu. Ikipasuka, mgonjwa hutapika damu nyingi kwa ghafla. Ini lililoharibiwa na pombe au homa ya ini ya aina ya B huleta hatari iyo hiyo.

Damu nyekundu, kwa upande mwingine, kwa kawaida hutoka karibu na mwisho wa safari. Ikidondoka baada ya choo au kupaka karatasi tu, huenda ni bawasiri au mchaniko. Ikichanganyika na kinyesi chenyewe, chanzo kiko juu zaidi ndani ya utumbo mpana. Pamoja na kamasi, homa na msokoto wa tumbo, huenda ni kuhara damu. Pamoja na kukonda, upungufu wa damu au mabadiliko ya ratiba ya choo yaliyodumu wiki kadhaa, lazima saratani ya utumbo mpana ichunguzwe, hata kama mgonjwa ana bawasiri. Na mtoto mchanga anayelia kwa vipindi, anayetapika na kutoa kamasi yenye damu apelekwe hospitali mara moja, kwani huenda utumbo umejiingiza ndani ya utumbo.

Kuhusu uharaka, damu kidogo nyekundu kwenye karatasi kwa mtu mwenye nguvu zake yaweza kungoja siku chache za kumwona daktari. Choo cheusi chenye kunata hakingoji: mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, hata bila maumivu. Akiwa na kizunguzungu, akizirai, akitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au akitoa damu nyekundu kwa wingi, hiyo ni dharura ya dakika. Kidonda cha juu kinachovuja kwa kasi huweza kuleta damu nyekundu chini kabla haijapata muda wa kugeuka.

Njiani alazwe kwa ubavu, asile wala asinywe kitu, kwa kuwa tumbo tupu hurahisisha uchunguzi wa kamera. Asipewe aspirini wala dawa yoyote ya maumivu. Na pakiti za dawa zote alizokuwa akimeza zibebwe, kwa maana mara nyingi jibu la daktari limo humo.