Nadharia za maudhui ya motisha

Nadharia za maudhui ya motisha ni zile zinazoeleza ni mahitaji gani yanamsukuma mtu kufanya kazi. Zinatofautiana na nadharia za mchakato, ambazo hueleza jinsi mtu anavyoamua kujituma au kutojituma. Makala hii inalinganisha nadharia tatu kati yake, kwa kuangalia zinavyoweza kutumika kwa wafanyakazi wa mishahara midogo wanaohudumia watu moja kwa moja, kama vile wasafishaji, walinzi na wahudumu wa wadi.

## Nadharia tatu

Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa nadharia yake mwaka 1943. Alipanga mahitaji katika ngazi tano: ya mwili, ya usalama, ya upendo na kuwa na wenzako, ya heshima, na ya kutimiza uwezo wako wote. Hitaji la chini likitoshelezwa, la juu yake huanza kusukuma. Hata hivyo, Maslow mwenyewe alieleza kwamba si lazima hitaji moja litoshelezwe kabisa kabla ya linalofuata kujitokeza.

Frederick Herzberg na wenzake walichapisha utafiti wao mwaka 1959. Waliwaomba wahandisi na wahasibu wa eneo la Pittsburgh wasimulie wakati walipoifurahia sana kazi yao na wakati walipoichukia. Majibu yalionyesha makundi mawili. Mshahara, usimamizi na mazingira ya kazi yakiwa mabaya huleta manung'uniko. Yakiwa mazuri huondoa manung'uniko tu, kama maji safi yanavyozuia ugonjwa bila kumwongezea mtu nguvu. Kinacholeta ari ni mafanikio, kutambuliwa, wajibu na kazi yenyewe.

Clayton Alderfer, mwaka 1969, alipunguza ngazi za Maslow kuwa makundi matatu: kuishi, mahusiano na kukua. Kwake, yote matatu yanaweza kumsukuma mtu kwa wakati mmoja. Tena mtu akizuiwa katika hitaji la juu, hurudi kudai zaidi lile la chini.

## Mfano wa wasafishaji wa hospitali

Tuseme msimamizi ana wasafishaji walioajiriwa na mkandarasi kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 1,200 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 31,200, yaani zaidi kidogo ya moja ya tano ya mshahara. Mshahara wenyewe huchelewa siku kumi. Utoro umezidi, na msimamizi anafikiria kutoa cheti cha mfanyakazi bora.

Kwa Maslow, cheti kinagusa ngazi ya heshima wakati chakula na usalama wa kipato bado vinayumba. Kwa Herzberg, kulipa kwa wakati kutaondoa manung'uniko, lakini hakutafanya sakafu ipigwe deki kwa moyo zaidi. Kwa Alderfer, msafishaji huyo huyo anayekosa nauli anaumia pia asiposalimiwa wadini, na mambo hayo mawili yanaweza kurekebishwa pamoja.

Ili kujua pa kuanzia, msimamizi aangalie daftari la mahudhurio. Utoro ukijazana siku za mwisho kabla ya mshahara, huenda nauli imekwisha. Dawa ni kulipa kwa tarehe au kutoa nauli kwa wiki. Ukijazana katika zamu za msimamizi mmoja, tatizo huenda ni mahusiano. Wakiondoka hasa wenye uzoefu, yafaa kuuliza kama wameona hakuna pa kupanda. Kisha kila mmoja aulizwe faraghani maswali mawili ya Herzberg, kwa sababu daftari halielezi sababu.

## Mipaka na makosa ya kawaida

Wahandisi na wahasibu wa Herzberg hawakuwa watu wanaokopa nauli. Kwa hiyo hoja kwamba mshahara hauleti ari haiwezi kuhamishwa moja kwa moja kwa mfanyakazi wa kipato cha chini. Njia yake pia imekosolewa kwa kuwa watu hupenda kujisifu kwa mema na kuyalaumu mazingira kwa mabaya.

Kosa la pili ni kuchanganya wajibu na mzigo. Kumwongezea msafishaji wadi ya pili si kumpa wajibu. Wajibu ni kumwachia apange mwenyewe utaratibu wa kusafisha wadi yake, aagize sabuni na glavu, na akague kazi yake.

Kosa la tatu hutokana na Alderfer. Mwajiri anaweza kudai kwamba wanaoomba nyongeza kwa kweli wanataka kuthaminiwa tu. Maelezo hayo yanaweza kufaa pale mshahara unapotosha chakula, kodi ya nyumba na nauli. Usipotosha, ombi la fedha lichukuliwe kama lilivyo.