Namba Ndogo Kwenye Ulalo: Nani Aliiweka, na Nani Aliiacha Ikae

Kuna kauli inayojirudia katika maandishi ya historia ya takwimu, kwamba regresheni ya mgongo ilibuniwa na Mrusi Andrei Tikhonov mwaka 1943, kisha Wamarekani wakaja kuipa jina tu. Kauli hiyo haina msingi. Makala ya Tikhonov ya mwaka huo yanahusu uthabiti wa matatizo ya kinyume: ukiyafungia majibu ndani ya eneo lenye mipaka ya aina fulani, kosa dogo katika vipimo halitazaa kosa kubwa katika jibu. Humo hamna namba inayoongezwa popote. Mbinu yake inayofanana kweli na tunayoizungumzia ilichapishwa mwaka 1963, na kufikia hapo wengine wawili walikwisha kuiandika hesabu hiyo wazi.

Msomaji anaijua njia ya miraba midogo kabisa ya Legendre na Gauss, kwa hiyo sitaanzia huko. Data zikiwa kwenye safu za jedwali X na matokeo katika y, koefisienti b hupatikana kwa milinganyo ya kawaida, X'Xb = X'y. Shida huja pale safu mbili zinapokwenda pamoja karibu hatua kwa hatua, kama joto na shinikizo katika mtambo ambao fundi huvipandisha vyote kwa mpigo.

Tuchukue safu mbili zilizokwisha kusawazishwa, uhusiano kati yao ukiwa 0.99. Matriki X'X ina 1 na 1 kwenye ulalo, na 0.99 pembeni. Tuseme uhusiano wa safu hizo na y ni 0.95 na 0.93. Ukitatua unapata koefisienti 1.47 na −0.53. Sasa vipimo vitikisike kidogo, 0.95 ishuke hadi 0.94 na 0.93 ipande hadi 0.94. Koefisienti zote mbili zinakuwa 0.47. Ile ya pili imebadili alama kabisa, ilhali data zimesogea kwa 0.01 tu.

Chanzo kinaonekana ukijumlisha na kutoa milinganyo hiyo miwili. Jumla ya koefisienti hupatikana kwa kugawanya 1.88 kwa 1.99, nayo ni 0.94 katika hali zote mbili, imetulia. Tofauti yao hupatikana kwa kugawanya kwa 0.01, na kigawanyo kidogo namna hiyo hukuza kila kosa mara mia. Data zinajua safu hizo zinafanya nini zikiwa pamoja, lakini karibu hazina la kusema kuhusu mchango wa kila moja. Safu zikiwa sawasawa kabisa kigawanyo hicho kinakuwa 0, na milinganyo haina tena jibu moja.

Hapo ndipo anapoingia J. D. Riley, ambaye wanahistoria wengi humruka. Mwaka 1955 alichapisha makala mafupi katika jarida la Marekani la majedwali ya hisabati na zana za kukokotoa. Hakuwa akiandika takwimu. Alikuwa akitafuta namna ya kutatua milinganyo ambayo mashine yenye tarakimu chache ingeiharibu. Ushauri wake ni huu: ongeza namba ndogo k kwenye kila nafasi ya ulalo, yaani badala ya matriki A ya milinganyo tumia A + kI, ambapo I ni matriki yenye 1 ulaloni na 0 kwingineko. Kwetu A ni X'X, nayo haiwezi kutoa kigawanyo hasi upande wowote, maana vyote vinatokana na jumla za miraba. Ukiongeza k iliyo kubwa kuliko 0, kila kigawanyo hupanda kwa k ileile, na hakuna kinachobaki sifuri.

Lakini Riley hakukubali jibu hilo lililopinda. Alipima limebakiza pengo gani katika milinganyo ya asili, akalitatua pengo hilo kwa A + kI ileile, akaongeza masahihisho, akarudia. Tuijaribu kwenye tofauti yetu, ambayo thamani yake kamili ni 2, tukichukua k = 0.001. Duru ya kwanza inatoa 1.818, ya pili 1.983, ya tatu 1.998. Kwake k ilikuwa jukwaa la fundi mwashi, kazi ikiisha huondolewa, na jibu la mwisho ni lilelile la miraba midogo, pamoja na wasiwasi wake wote.

Arthur Hoerl, aliyekuwa kampuni ya kemikali ya DuPont, alifika kwenye hesabu hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1959 alikuwa akichunguza nyuso za daraja la pili, akitafuta kilele kwenye kila umbali kutoka katikati. Hapo ndipo jina la mgongo lilipotoka. Sharti la umbali huleta kizidishi kinachokaa kwenye ulalo wa matriki. Mwaka 1962 aliligeuzia wazo hilo kwenye regresheni: kati ya koefisienti zote zinazoacha mabaki ya kiasi fulani, zipi ni fupi kuliko zote? Jibu ni (X'X + kI)b = X'y. Mwaka 1970, pamoja na Robert Kennard, alichapisha makala mawili katika jarida la Technometrics, na k ikabaki humo makusudi.

Turudi kwenye mfano wetu na k = 0.1. Vigawanyo sasa ni 2.09 na 0.11. Koefisienti zinakuwa 0.54 na 0.36, na data zikitikisika kama mwanzo zote zinakuwa 0.45. Mruko wa 1.00 umekuwa 0.09. Gharama yake ni kwamba jumla imeshuka kutoka 0.94 hadi 0.90. Upendeleo huo umeingizwa kwa hiari, na hiki ndicho ambacho Riley asingekikubali. Kwa maoni yangu, ubunifu hasa uko katika uamuzi huo. Hesabu yenyewe ilikwisha kuwapo.

Hoerl na Kennard walithibitisha kwamba daima ipo k kubwa kuliko 0 ambayo wastani wa mraba wa kosa la koefisienti ni mdogo kuliko wa miraba midogo. Wafuasi wao waliushangilia uthibitisho huo kupita kiasi. Ukubwa wa k hiyo hutegemea koefisienti za kweli na mtawanyiko wa makosa, vitu ambavyo mtafiti hana. Pendekezo lao la kuchora koefisienti dhidi ya k na kuchagua pale mistari inapotulia ni la jicho, na k ikichaguliwa kutokana na data zilezile uthibitisho haumlindi tena mchaguzi.

Lindley na Smith walionyesha mwaka 1972 kwamba k ni sawa na kuamini, kabla ya kuona data, kwamba koefisienti ziko karibu na sifuri na zote kwa kiwango kimoja. Ukiisoma hivyo, unaona mara moja ni wapi njia hii inakwama. Smith mwingine, Gary, pamoja na Frank Campbell, waliikosoa vikali mwaka 1980, ikiwemo kwa hoja ya vipimo. Safu iliyoandikwa kwa mita ikiandikwa kwa kilomita, miraba midogo hutoa utabiri uleule, lakini kI hutoa mwingine, kwa sababu k moja inaadhibu koefisienti ambazo sasa zina ukubwa tofauti. Hoerl na Kennard walisawazisha safu zao kwanza. Anayetumia `Ridge` ya maktaba ya scikit-learn anapewa `alpha=1.0` asipotaja nyingine, na kazi ya kusawazisha safu anaachiwa mwenyewe.