Sifuri nukta nne: Paris na Chicago mbele ya opsheni moja

Wauzaji wa opsheni wana hesabu moja wanayoipiga kichwani kabla hawajagusa kompyuta. Opsheni, kwa ufupi, ni mkataba unaokupa haki ya kununua au kuuza kitu kwa bei mliyokubaliana leo, bila kukulazimisha. Bei hiyo ya mkataba ikiwa sawa na bei ya sokoni, unachukua bei ya hisa, unaizidisha kwa mtikisiko wake wa mwaka, unazidisha kwa kipeuo cha pili cha muda uliobaki (ukihesabu kwa miaka), kisha unamalizia kwa 0.4. Hisa ni shilingi 100, mtikisiko wake ni asilimia 20 kwa mwaka, mkataba unaisha baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu ni robo mwaka, na kipeuo cha pili cha robo ni nusu. Mia mara 0.20 ni 20, nusu yake ni 10, na 0.4 ya 10 ni shilingi 4. Ukiingiza tarakimu hizo kwenye fomula kamili ya Black na Scholes, riba ikiwa sifuri, utapata 3.99.

Kwa kawaida njia hii hufundishwa kama mtoto wa fomula hiyo: Fischer Black na Myron Scholes waliichapisha mwaka 1973, mwaka uleule soko la opsheni la Chicago lilipofunguliwa, na mwaka 1988 Menachem Brenner na Marti Subrahmanyam wakaonyesha jinsi inavyopungua hadi kufikia 0.4 bei mbili zinapolingana. Hesabu yao ni sahihi. Ila nasaba hiyo naipinga, kwa sababu kanuni hii ilikuwapo kamili mjini Paris miaka 73 kabla ya Chicago, na ukiisoma kutoka huko unaielewa vizuri zaidi.

Mwaka 1900 Louis Bachelier alitetea tasnifu yake juu ya nadharia ya ulanguzi mbele ya jopo alilokuwamo Henri Poincaré. Soko alilolichambua lilikuwa la hatifungani za serikali ya Ufaransa, na desturi zake zilikuwa tofauti na tulizozizoea. Siku hizi bei ya mkataba hupangwa kwanza, na malipo ya opsheni ndiyo yanayopanda na kushuka. Pale Paris malipo ndiyo yaliyopangwa, kwa mfano sentimu 50, 25 au 10, na bei ya mkataba ndiyo iliyosogea. Tena malipo yalitolewa siku ya kufunga hesabu, si siku ya kununua, kwa hiyo riba haikuingia.

Bachelier alianza na dhana moja: kwa wastani, mlanguzi hatazamii faida wala hasara. Kutoka hapo alifika kwenye sheria kwamba bei husambaa kwa mkunjo wa kengele, na upana wa mkunjo huo hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Sababu yake inaeleweka bila fomula. Bei ikiruka juu leo na chini kesho, miruko hiyo hufutana kwa sehemu; ndiyo maana siku nne hazileti umbali mara nne wa siku moja, bali mara mbili tu.

Lakini jambo linalonivutia zaidi ni kipimo alichokichagua. Hakuanza na mtikisiko ili afike kwenye bei ya opsheni. Aliichukua bei yenyewe ya opsheni ambayo mkataba wake unalingana na soko, akaiandika k√t, na k hiyo akaifanya kipimo cha wasiwasi wote wa soko. Mkunjo wa kengele umeandikwa kwa k. Kwa hatifungani alizozichunguza alipata k ya takribani sentimu 5 kwa siku. Hivyo opsheni ya siku 16 ilistahili sentimu 20, yaani tano mara nne, na ya siku 30 sentimu 27 na kidogo.

Sasa igeuze iwe lugha ya Chicago. Gawanya sentimu 5 kwa 0.4 na utapata mtikisiko wa sentimu 12.5 kwa siku. Kwa hatifungani ya takribani faranga 100, hiyo ni moja ya nane ya asilimia moja. Zidisha kwa kipeuo cha 365, ambacho ni 19 na kidogo, na mtikisiko wa mwaka unakaribia asilimia 2.4. Kwa hiyo ile 0.4 ni daraja kati ya desturi mbili: upande mmoja unauliza opsheni ni bei gani, upande wa pili unauliza bei inatikisika kiasi gani.

Na 0.4 inatoka wapi? Opsheni ya kununua hailipi chochote bei ikishuka, na hiyo ni nusu ya nyakati. Katika nusu nyingine, umbali wa wastani chini ya mkunjo wa kengele ni karibu 0.8 ya mtikisiko wa muda wote. Nusu ya 0.8 ni 0.4, au kwa usahihi zaidi 0.3989. Vincenz Bronzin, mwalimu wa hisabati huko Trieste, aliifikia hesabu hiihii mwaka 1908 kwa kutumia sheria ya makosa ya vipimo.

Desturi hizi mbili huachana mahali pawili. Pa kwanza ni riba. Rudi kwenye hisa yetu ya shilingi 100 na uweke riba ya asilimia 5. Opsheni ya kununua inakuwa 4.61 na ya kuuza 3.37. Anayetegemea 4 peke yake atakuwa amekosea pande zote mbili. Dalili ni hiyo tofauti yenyewe: bei ya kununua na ya kuuza zikiachana kwenye mkataba uleule, basi mkataba haulingani na bei ya mbele, ile ambayo soko linaifunga leo kwa ajili ya siku ya mwisho. Hata hivyo chukua wastani wa hizo mbili: 3.99. Ndiyo maana mimi naiamini kanuni hii zaidi inapopima jozi ya opsheni mbili, kwa 0.8, kuliko inapopima moja.

Pa pili ni ukubwa wa mtikisiko. Bachelier alihesabu mitikisiko kwa sentimu, Chicago huihesabu kwa asilimia. Mtikisiko ukiwa mdogo hutaona tofauti. Ukiwa asilimia 80 na muda miaka miwili, Paris inasema 45 na Chicago inasema 43, kwa sababu hisa inayopimwa kwa asilimia haiwezi kushuka chini ya sifuri.

Lakini kuna bidhaa zinazoshuka chini ya sifuri. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani ulifunga kwenye dola 37.63 chini ya sifuri. Asilimia ya bei hasi haina maana, na siku mbili baadaye soko la CME, lenye makao yake Chicago, likahamishia hesabu za opsheni zake za mafuta kwenye mfano wa Bachelier. Mfanyabiashara aliyezoea kuanza na asilimia alilazimika kuanza na dola: mafuta yakitikisika dola 2 kwa siku na zikiwa zimebaki siku 25 za biashara, kipeuo ni 5, mtikisiko wa muda wote ni dola 10, na opsheni ni dola 4, iwe mafuta yanauzwa dola 20, sifuri, au chini yake.