Leza kwenye ngozi nyeusi: uliza namba ya mashine kwanza

Msikilizaji, siku hizi saluni na kliniki za mijini zinatangaza kuondoa ndevu za kidevuni na nywele za kwapani kwa leza. Baadhi ya watu wa Pemba huzifuata Dar es Salaam, Mombasa au Maskati. Ngozi nyeusi inaweza kutibiwa kwa leza bila madhara, lakini mashine ikiwa siyo, ngozi huungua.

Kwa nini ngozi nyeusi huungua

Leza ni mwanga unaotafuta rangi nyeusi. Ukiipata kwenye unywele, hugeuka joto linalounguza mzizi. Kwenye ngozi nyeupe rangi hiyo iko zaidi kwenye unywele. Kwenye ngozi zetu iko pia juu ya ngozi yenyewe, kwa hiyo joto hubaki juu kabla ya kufika chini.

Mashine hutofautiana kwa urefu wa wimbi la mwanga, na urefu huo huandikwa kwa namba. Yenye namba 755 mwanga wake hunaswa sana na rangi ya ngozi. Yenye namba 1064, inayoitwa Nd:YAG, hupenya ndani zaidi na kuiacha ngozi ya juu salama kiasi. Hiyo ndiyo inayopendekezwa kwa ngozi nyeusi. Mashine za IPL si leza. Hutoa mwanga wa mchanganyiko, na kwa ngozi nyeusi sana ni hatari.

Tuchukue mfano

Dada wa Micheweni ana nywele nyingi kidevuni. Kwanza amwone daktari, kwa sababu ndevu kwa mwanamke mara nyingi hutokana na homoni. Homoni zisipotibiwa, nywele zitaota tena hata baada ya leza.

Akifika kliniki, aulize: mashine ni ya namba gani? Nani anaiendesha, na amefunzwa wapi? Je, ngozi hupozwa wakati wa kazi? Je, kuna miwani ya kukinga macho? Mwisho aombe jaribio: mwanga upigwe sehemu ndogo tu, kisha asubiri. Siku mbili ndiyo kiwango cha chini, lakini kwa ngozi nyeusi wiki moja au mbili ni bora, maana doa huweza kuchelewa kujitokeza.

Hapa ndipo msafiri wa boti hunaswa. Amepanga kurudi kesho, na mwenye duka anamwambia wamalize yote leo. Asikubali. Hata hivyo matibabu hayaishi siku moja. Kwa kawaida ni mara sita hadi nane, kila wiki nne hadi sita, na nywele hupungua sana lakini si lazima ziishe zote. Mvi hazisikii leza.

Kabla ya kwenda

Nyoa kwa wembe siku moja kabla. Usinyonyoe kwa uzi wala nta kwa wiki nne, kwani mzizi lazima uwepo. Usipake piko wala hina sehemu hiyo, kwa sababu leza huiona rangi hiyo kama unywele na itaunguza ngozi. Mwambie mhudumu ukweli kama unatumia mkorogo, una mimba, au vidonda vyako huacha makovu yaliyovimba.

Baada ya matibabu

Vipele vidogo kuzunguka nywele na joto kidogo ni kawaida, na huisha kwa saa chache hadi siku mbili. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi. Kwa wiki nne jikinge na jua: kwa wanaolima mwani, jua hupiga kutoka juu na kutoka majini, hivyo mtandio na mafuta ya kukinga jua ni lazima.

Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, hauonekani vizuri. Dalili za kuungua ni maumivu yasiyoisha, malengelenge, au ngozi kuwa ya kijivu au nyeupe. Mwagia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usiweke barafu wala dawa ya meno, na usipasue lengelenge. Kisha nenda hospitali ya karibu, iwe Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani. Doa jeusi huweza kufifia kwa miezi. Doa jeupe huweza kubaki daima.

Leza ya kuondoa madoa

Hapa tahadhari ni kubwa zaidi. Mabaka ya kahawia mashavuni, ambayo wengi huyapata wakati wa mimba, huchochewa na jua na joto. Leza inaweza kuyafifisha kwa muda, kisha yakarudi meusi kuliko mwanzo. Anza kwa kujikinga na jua na kwa dawa ya kupaka uliyoandikiwa na daktari wa ngozi. Leza iwe ya mwisho.