Anaandika, anaandika, halafu kimya: kwa nini mesaji haifiki kwenye WhatsApp

Watu wengi wenye ndugu Masisi na Walikale wanajua hali hii. Unafungua WhatsApp, unaona chini ya jina la mtu wako neno «écrit…» ao «typing…». Unangoja. Lile neno linapotea, na hakuna kinachofika. Pale ambapo kuna vita, dakika chache za kungoja hivi zinatosha kumkosesha mtu usingizi. Kumbe mara nyingi sababu ni ya rezo tu, na kuna namna ya kuitambua.

Vitu viwili, safari mbili

Alama ya kuandika si mwanzo wa mesaji. Mtu anapogusa herufi ya kwanza katika mazungumzo yenu, simu yake inatuma ishara ndogo sana inayosema tu kwamba «anaandika». Maneno yenyewe bado yako kwenye simu yake. Yatatoka siku atakapobonyeza kutuma. Ile ishara haihifadhiwi popote. Ikikukuta uko kwenye rezo unaiona, isipokukuta imepotea.

Mwandishi akisimama, simu yake inatuma ishara ingine ya kusema ameacha. Rezo ikikatika katikati, ile ya pili haifiki. Simu yako inangoja kidogo, halafu inafuta neno yenyewe. Kwako wewe, mtu aliyebadilisha wazo na mtu aliyekatikiwa na rezo wanaonekana sawasawa.

Mfano: Goma na Nyabiondo

Tuchukue dada mmoja aliye Goma, na yaya yake aliye upande wa Nyabiondo, katika Masisi. Yaya anapanda kilima kutafuta rezo. Anapata kidogo, anaanza kuandika: dada anaona «écrit…». Akiwa katikati ya maneno, rezo inapotea. Yaya anamaliza, anabonyeza kutuma, na pembeni ya mesaji kunatokea kasaa kadogo. Maana yake ni kwamba mesaji haijatoka kwenye simu. Anashuka nyumbani akifikiri ametuma.

Ile mesaji haijapotea. Simu itajaribu tena yenyewe ikipata rezo, lakini wakati mwingine inabidi afungue WhatsApp kwanza. Hakuna haja ya kuandika upya. Lakini kama hakubonyeza kutuma, maneno yanabaki kama «Brouillon» ao «Draft», na hayo hayatajituma hata rezo irudi.

Picha na vokali zinachelewa zaidi. Faili inapaswa kupanda yote mpaka kwenye mashine za WhatsApp kabla wewe hujaona kitu. Mtu anaweza kuandika maneno mawili, ukaona anaandika, halafu atume picha ikwame nusu saa kwa sababu rezo ni dhaifu ao mega zimeisha.

Namna ya kutambua

Usikae ukitazama lile neno. Tuma wewe mesaji fupi, kwa mfano «Yaya, uko?», kisha angalia alama pembeni yake.

Ukiona kasaa, shida iko kwako: rezo yako ndiyo imekatika.

Ukiona alama moja ya kijivu, mesaji yako imetoka lakini haijafika kwenye simu yake. Mara nyingi ni kwamba amepoteza rezo ao simu imezimika. WhatsApp inaihifadhi mpaka siku 30, ikingoja simu yake irudi.

Ukiona alama mbili za kijivu, simu yake imepokea, kwa hiyo rezo anayo. Basi huenda amefuta maneno, ameitwa na mtu, ao picha ndiyo bado inapanda. Zikigeuka buluu, amefungua. Lakini wengine wamezima hiyo alama ya buluu, kwa hiyo kutoiona si ushahidi kwamba hajasoma.

Kama alama moja inabaki muda mrefu, tuma SMS ya kawaida. Hiyo haihitaji intaneti wala mega, na inaweza kupita mahali ambapo WhatsApp haipiti, ilimradi antene inafanya kazi na simu yake imewashwa.

Mipaka ya alama hii

«Écrit…» inaonyesha jambo moja tu: kuna kidole kilichogusa herufi katika mazungumzo yenu. Haisemi ni kidole cha nani. Anaweza kuwa mtoto anayecheza na simu. Na kama simu imeporwa njiani, anaweza kuwa aliyeipora. Kwa hiyo alama hii peke yake si ushahidi kwamba ndugu yako yuko salama, na kupotea kwake si ushahidi kwamba amepatwa na mabaya. Akiomba pesa baada ya kimya kirefu, sikia kwanza sauti yake, ao umuulize jambo ambalo nyinyi wawili tu mnalijua.