Usimamizi wa Njia na Usimamizi wa Matokeo

Neno maikromenejimenti limeingia maofisini kwetu kabla halijapata Kiswahili chake. Wapo wanaosema "usimamizi mdogomdogo", maneno yasiyoeleza kitu. Wengi husema "usimamizi wa karibu kupita kiasi", na hao wanapotosha zaidi, kwa sababu kwetu kufuatilia kazi kwa karibu ni sifa. Ukimwambia mkuu kuwa amezidisha sifa, atapunguza kidogo wiki mbili, kisha atarudi palepale. Kosa lake haliko kwenye kiasi cha kufuatilia, liko kwenye kitu anachokifuatilia: ameishika njia ya kufanyia kazi, ambayo ilipaswa kuwa mikononi mwa mfanyakazi. Ndiyo maana napendekeza tuseme usimamizi wa njia, na kinyume chake kiwe usimamizi wa matokeo.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri katika kisa cha David Marquet, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyekabidhiwa nyambizi ya Santa Fe mwaka 1999. Alikuwa amejiandaa muda mrefu kuongoza nyambizi nyingine, akabadilishiwa ghafla. Siku moja wakiwa kwenye zoezi, chombo kikiendeshwa kwa mota ya umeme ya dharura, alipendekeza mwendo uongezwe hadi theluthi mbili. Ofisa wa zamu akatoa amri hiyo. Baharia aliyeshika usukani hakufanya kitu, kwa kuwa mota ya Santa Fe haikuwa na mwendo huo. Marquet alimuuliza ofisa kama alilijua hilo. Alilijua. Alitoa amri kwa sababu mkuu alisema.

Hapo Marquet alitambua kwamba kadiri anavyoishika njia, ndivyo watu wanavyoacha kutumia wanachokijua. Akaacha kutoa amri za kila hatua, akawataka maofisa waache kuomba ruhusa na badala yake waseme "nakusudia". Mwanzoni ofisa alisema tu, "Kapteni, nakusudia kuzamisha chombo." Marquet alilazimika kuuliza: kina cha maji kimepimwa? Watu wote wako ndani? Chombo kimeandaliwa? Kisha akawapa kazi ngumu zaidi: fikirini mimi ningeuliza nini, mniambie kabla sijauliza. Taratibu maelezo yakakamilika. Ofisa alitaja eneo, kina cha maji, watu kuwa ndani, na maandalizi kukaguliwa, na mkuu akabaki na neno moja tu la kuitikia. Ukaguzi ulibaki, ila aliyekagua sasa ni yule aliyekuwa karibu na kazi.

Katika ofisi za serikali Tanzania, jambo hili linagusa dokezo sabili. Dokezo hupanda kwa mkuu likimalizia na "naomba maelekezo yako", na linaposhuka, njia yote imeandikwa na mkuu. Chukua malipo ya mkandarasi. Ofisa angeweza kuandika: "Nakusudia malipo haya yapite Ijumaa. Mhandisi amekagua kazi, hati ya mapokezi imesainiwa, na fungu lina salio." Wapo watakaoona "nakusudia" ni ujeuri mbele ya mzee. Si ujeuri, maana mkuu bado ana nafasi ya kusema hapana, na safari hii ana sababu zilizoandikwa za kupima.

Lakini usimamizi wa matokeo haufai kwa mtu asiyejua kazi. Ukisikia "nakusudia" isiyofuatwa na sababu, au sababu zilezile zikinakiliwa kila mara, ujue ujuzi haujatosha, na dawa yake ni kufundisha. Kwenye Santa Fe, baharia mmoja aliwahi kukiuka kibandiko chekundu cha onyo kwenye swichi ya umeme. Jawabu la kawaida lingekuwa kuongeza msimamizi wa kumtazama. Wao waliamua kwamba kabla ya kugusa swichi, mtu asite, aoneshe kwa mkono na aseme kwa sauti anachotaka kufanya. Aliye jirani akiona kosa, anapata nafasi ya kumzuia.

Marquet hakuachia kila kitu. Uamuzi wa kurusha silaha alibaki nao, kwa kuwa ni wa kuondoa uhai. Vivyo hivyo, ofisa masuuli anabaki na dhamana anayopewa na sheria. Mahali pazuri pa kuanzia ni kwenye mambo ambayo kosa lake hurekebishika, na Santa Fe walianza na likizo. Idhini ya likizo za mabaharia, iliyokuwa ikipanda ngazi nyingi, alikabidhiwa mkuu wao wa karibu, lakini akakabidhiwa pamoja na ratiba ya zamu. Akiidhinisha watu wengi mno kwa wakati mmoja, zamu zitakosa watu, na ni yeye atakayelazimika kuzijaza.